Dawa Kabla ya Kung'olewa Jino: Ni Nani Anayeihitaji Sasa?

Msomaji, labda wewe ni mmoja wa wale walioambiwa zamani, "Moyo wako una kelele. Usikubali kung'olewa jino pasipo kumeza dawa kwanza." Ukatii. Kila mara jino lilipouma ulimeza vidonge vyako, ndipo ukaketi katika kiti cha mganga wa meno. Mwaka huu umekuja tena, naye mganga amesoma fishi yako akasema, "Wewe huhitaji dawa hiyo tena." Umerudi nyumbani na mashaka. Unajiuliza kama dawa imekwisha katika farmasi, au kama wameona huna feza, au kama mganga huyu ni kijana asiyejua kazi yake.

Kuna mtu mwingine pia. Huyu alipasuliwa kifua katika nchi nyingine, akawekewa mlango mpya wa moyo. Jino lilipomwuma alikwenda kwa mtu wa mtaani mwenye koleo, akang'olewa, wala hakusema neno juu ya moyo wake. Kwa nini aseme? Aliumwa jino, hakuumwa kifua. Lakini huyu ndiye aliyepaswa kupewa dawa kwanza, naye hakuipata.

Habari hii ni kwa ajili ya hao wawili. Mmoja anadhani amenyimwa kitu, na mwingine hajui kwamba kitu hicho ni chake.

Jiwe laini na jiwe la volkano

Moyo wako una milango minne. Waganga huiita vali. Hufunguka ili damu ipite, nayo hufungika ili damu isirudi nyuma. Ngozi inayofunika milango hiyo kwa ndani ni laini sana, na damu hupita juu yake kama maji juu ya sahani safi.

Kinywani mwetu mna vijidudu vingi mno visivyoonekana kwa macho. Wakikaa kinywani hawatudhuru sana, ila hutoboa meno na kuozesha ufizi. Jino linapong'olewa mishipa midogo ya damu hukatika, na baadhi ya vijidudu huingia katika damu. Kwa mtu mwenye moyo mzima hakuna neno. Ini na wengu huvikamata, na mara nyingi kabla ya saa moja kupita damu imekuwa safi tena.

Lakini sisi wa Goma twajua tofauti ya mawe. Chukua jiwe laini la ufukoni mwa ziwa, ulipake matope, ulimwagie maji: matope yote yatoka. Chukua sasa jiwe jeusi la volkano, lile lililoshuka kutoka Nyiragongo mwaka 2002 na kufunika mitaa ya mji wetu. Lipake matope, limwagie maji. Matope yanabaki ndani ya vitundu vyake, hata ukimwaga ndoo tatu. Mlango wa moyo uliokwaruzwa na ugonjwa ni kama jiwe hilo. Na mlango uliotengenezwa kwa mkono wa watu, wa madini au wa nyama ya mnyama, hushika vijidudu kwa urahisi zaidi.

Vijidudu vikishika hapo hujijengea kichuguu. Damu huganda juu yao na kuwafunika, hata askari wa mwili hawawafikii vizuri. Ugonjwa huu waganga huuita endokaditi. Hula mlango wa moyo mpaka unatoboka. Vipande vya kichuguu hukatika, vikaenda na damu mpaka ubongoni, na mtu akapooza upande mmoja kwa ghafula. Kuuponya ni kazi ya sindano katika mshipa kwa majuma manne hadi sita, na pengine kupasuliwa tena. Hata katika hospitali kubwa za Ulaya, karibu mtu mmoja kati ya watano wenye ugonjwa huu hufa.

Jinsi orodha ilivyokuwa ndefu

Mwaka 1935 waganga wawili wa Uingereza, Okell na Elliott, walipima damu ya watu 138 mara baada ya kung'olewa meno. Katika kila watu 100, walipata vijidudu ndani ya damu ya watu 61. Baadaye penisilini ikapatikana, dawa inayoua vijidudu hao. Basi mwaka 1955 Chama cha Moyo cha Amerika kilitoa shauri: mtu mwenye mlango mbovu wa moyo apewe penisilini kabla ya kung'olewa jino.

Shauri hilo lilikuwa na akili. Vijidudu huingia kwa jeraha la jino, penisilini huua vijidudu, kwa hiyo penisilini itazuia ugonjwa. Orodha ya watu wa kupewa dawa ikawa ndefu. Karibu kila mtu aliyesikiwa na kelele ya moyo iliyotokana na mlango mbovu, au aliyezaliwa na tundu dogo moyoni, aliingizwa humo. Waganga wakaifundisha, wauguzi wakaiandika katika fishi, na wagonjwa kama wewe wakaishika kwa uaminifu kwa miaka zaidi ya hamsini. Lakini hapakuwa na mtu aliyekuwa amejaribu jambo lenyewe, yaani kuweka makundi mawili ya wagonjwa wengi, kundi moja lipewe dawa na jingine lisipewe, akahesabu wangapi wamepata endokaditi. Ugonjwa huu ni wa nadra, na jaribio la namna hiyo lingehitaji watu wengi mno. Mpaka leo halijafanyika.

Mswaki ulivyowashangaza waganga

Fikiri sasa. Je, vijidudu huingia katika damu siku ya kung'olewa jino tu?

Waganga wa Amerika walipima jambo hili, wakatangaza mwaka 2008. Walichukua watu 290 na kuwagawa makundi matatu. Kundi la kwanza walisugua meno yao kwa mswaki tu. Kundi la pili waling'olewa jino bila dawa. Kundi la tatu waling'olewa jino baada ya kumeza amoksisilini. Kisha wakapima damu yao ili kutafuta wale vijidudu wanaoweza kuleta endokaditi. Katika wale waliong'olewa bila dawa, 60 kati ya kila 100 walikuwa navyo. Waliomeza dawa walikuwa 33. Na wale wa mswaki peke yake walikuwa 23.

Tazama vizuri hesabu hiyo, maana ina mambo mawili. La kwanza, dawa hupunguza vijidudu, lakini haivimalizi. La pili ndilo kubwa zaidi. Mtu husugua meno mara mbili kwa siku, na hiyo ni zaidi ya mara 700 kwa mwaka. Jino hung'olewa labda mara moja katika miaka mitatu au minne. Ukijumlisha, vijidudu wanaoingia kwa mswaki na kwa kutafuna chakula ni wengi kupita wale wanaoingia siku ile moja ya koleo. Kwa hiyo ile dawa ya siku moja, kwa mtu wa kawaida mwenye kelele ya moyo, ni kama kufunga mlango wa mbele wa duka usiku mmoja huku dirisha la nyuma likikaa wazi mwaka mzima.

Usiseme, "Basi nitaacha mswaki." Hapana! Mswaki huingiza vijidudu vingi pale ambapo ufizi umevimba na meno yana uchafu mgumu. Mtu asiyesugua huzidisha uchafu huo, na kila tonge la ugali analotafuna hufanya kazi ya koleo. Anayesugua kila siku ufizi wake hupona, nalo dirisha la nyuma hufungwa.

Tena dawa yenyewe ina hatari yake. Mara chache penisilini na jamaa zake humshtua mtu: mwili hujaa vipele, koo huvimba, pumzi hukatika, na asiposaidiwa upesi hufa. Ni jambo la nadra, lakini ukiwapa dawa watu elfu nyingi wasioihitaji, utawaumiza wachache pasipo faida. Tena vijidudu vinavyoonja dawa mara kwa mara huizoea, na siku ya ugonjwa mkubwa dawa haiviui.

Basi waganga wakauliza swali jipya. Zamani waliuliza, "Ni nani anayeweza kupata endokaditi?" Sasa waliuliza, "Ni nani ambaye endokaditi ikimpata ana hatari kubwa zaidi ya kufa?" Kwa mtu huyo hata faida ndogo ya dawa inazidi hatari yake. Kwa mwingine haizidi. Ufaransa walifupisha orodha mwaka 2002, Amerika mwaka 2007, na Chama cha waganga wa moyo wa Ulaya mwaka 2009.

Uingereza walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2008 waliwaambia waganga wao wasimpe mtu yeyote dawa hii, hata mwenye mlango wa kutengenezwa. Jambo hilo lilileta mabishano makubwa, na mwaka 2016 maneno yakalegezwa, ili mganga aweze kuitoa kwa mtu mwenye hatari kubwa. Naona walikuwa wamepita kiasi. Mwaka 2022 ulitangazwa uchunguzi wa habari za watu karibu milioni 8 wa Amerika. Kwa wenye hatari kubwa, kung'olewa jino kulifuatana na endokaditi katika majuma yaliyofuata, na wale waliopewa dawa kwanza walipata ugonjwa huo karibu nusu ya wale wasiopewa. Mwaka 2023 waganga wa Ulaya waliandika shauri lao kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo: walio katika orodha fupi wapewe dawa.

Kwa hiyo orodha imefupishwa, haikufutwa.

Waliobaki katika orodha

Wa kwanza ni mtu aliyewekewa mlango wa moyo wa kutengenezwa, uwe wa madini au wa mnyama, au ambaye mlango wake ulitengenezwa kwa pete au kitu kingine kilichoachwa moyoni. Upasuaji huu haupatikani kila mahali. Katika nchi zetu hufanyika Kampala, Kigali, Dar es Salaam, na hospitali ya misioni ya Tenwek kule Bomet, Kenya. Ukirudi kutoka huko, usiache karatasi zako katika sanduku la nguo. Ndizo zitakazomwambia mganga wa meno wewe ni nani.

Wa pili ni mtu aliyewahi kuugua endokaditi yenyewe akapona. Hata kama hakupasuliwa, mlango wake umebaki na makovu, na ugonjwa huweza kurudi.

Wa tatu ni mtoto aliyezaliwa na moyo usio kamili, ambaye midomo na kucha zake ni za buluu kwa kukosa hewa katika damu, naye hajatengenezwa. Ikiwa ametengenezwa kwa kiraka, atapewa dawa kwa miezi 6 ya kwanza, mpaka ngozi ya moyo imefunika kiraka hicho. Baada ya hapo haihitaji tena, ila kama damu bado inavuja kando ya kiraka, hapo ataendelea nayo.

Wako pia wale waliopewa moyo wa mtu mwingine, lakini hao kwetu ni wachache sana.

Wengine wote waliokuwa katika orodha ya zamani wametoka. Mtu mwenye kelele ya moyo tu ametoka. Mwenye tundu dogo la kuzaliwa lisilogeuza midomo kuwa ya buluu ametoka. Mwenye presha ya damu hakuwa ndani tangu mwanzo, ingawa nimesikia wengi wakisema vinginevyo.

Na si kila kazi ya meno inayohitaji dawa, hata kwa walio ndani ya orodha. Inahitajika pale mganga anapong'oa jino, anapokwangua uchafu chini ya ufizi, anapofika mwisho wa mzizi wa jino, au anapokata nyama ya kinywa. Haihitajiki akitazama tu, akipiga picha, au akichoma sindano ya ganzi penye nyama isiyo na usaha. Jino la utoto likianguka lenyewe, au mtoto akijikata mdomo katika mchezo, hakuna haja ya dawa.

Na wale wa sindano ya kila mwezi?

Hapa ndipo swali letu sisi wa Kivu linapokuwa gumu. Katika nchi za Ulaya milango mingi ya moyo huharibika kwa uzee. Kwetu huharibika kwa watoto na vijana, nako huanzia kooni. Mtoto huumwa koo, haponywi vema, baada ya majuma mawili au matatu viungo vyake huvimba na kuuma, na homa hiyo, ambayo wengine huiita rumatizimu, hukwaruza milango ya moyo. Kwa ajili hiyo mtoto huchomwa sindano ya benzatini penisilini kila majuma matatu au manne, miaka mingi.

Mzazi hufikiri, "Mwanangu ana penisilini mwilini siku zote, basi amekingwa na jino pia." Sivyo. Sindano ile huacha dawa kidogo sana katika damu, lakini kwa siku nyingi. Kidogo hicho chatosha kumwua kijidudu wa koo asirudishe homa ya viungo. Hakitoshi kwa kundi la vijidudu linaloingia kwa ghafula kutoka kinywani. Tena vijidudu vya kinywa vya mtu huyo vimeonja penisilini mwezi baada ya mwezi, na baadhi vimekwisha kuizoea. Hizi ni kinga mbili kwa maadui wawili, wala moja haifanyi kazi ya nyingine. Na asiache sindano kwa sababu ya maneno haya! Huko Uganda, watoto na vijana 818 wenye dalili za mwanzo za ugonjwa huu waliangaliwa miaka miwili. Katika waliochomwa sindano, ugonjwa uliendelea kwa 3 tu. Katika wasiochomwa uliendelea kwa 33.

Je, mwenye mlango uliokwaruzwa na homa hiyo, lakini hajapasuliwa, apewe dawa kabla ya jino? Hapa waganga wa dunia hawakubaliani, nami sitakuficha. Amerika wanasema hapana. Ulaya wanasema si kwa kila mtu, bali mganga aweza kufikiri juu ya mmoja mmoja. Australia na Nyuzilandi wamewaacha watu hawa ndani ya orodha, kwa sababu wanao wagonjwa wengi wa namna hiyo miongoni mwa wenyeji wa asili wa nchi zao, nao wakipata endokaditi mara nyingi huumia sana. Mimi naona sisi twafanana zaidi na wagonjwa hao kuliko na watu wa Parisi. Kwa hiyo usiamue mwenyewe. Mganga wa moyo aliyetazama mlango wako katika ekografi ndiye wa kusema, na neno lake liandikwe katika fishi: apewe, au asipewe.

Mama wa soko la Virunga

Tuchukue mfano ili mambo haya yaonekane. Fikiri mama mwenye miaka 34 auzaye maharagwe katika soko la Virunga. Ana mlango wa madini moyoni tangu miaka sita. Kila jioni humeza warfarini ili damu isigande juu ya mlango huo, na kila majuma manne huchomwa sindano ya benzatini. Gego lake limeoza, nalo limemnyima usingizi siku tatu.

Anapofika, jambo la kwanza analosema, hata kabla ya kufungua kinywa, ni hili: "Nina mlango wa madini, nameza warfarini, nachomwa penisilini kila mwezi." Mganga anauliza, "Umemeza dawa gani nyingine majuma haya?" Mama anakiri kwamba kwa siku tano amemeza amoksisilini aliyonunua farmasi, ili maumivu yapungue. Wengi hufanya hivyo, na wengine hudhani kumeza mapema siku nyingi ni kujikinga zaidi. Kumbe wameua vijidudu dhaifu na kuacha vile vyenye nguvu, na siku ya koleo vyenye nguvu ndivyo vinavyoingia. Dawa ya kujikinga humezwa mara moja tu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kazi, ili iwe nyingi katika damu wakati ule ule jino linapotoka.

Kwa mtu mzima mwingine wa orodha, dawa ingekuwa gramu 2 za amoksisilini, yaani vidonge vinne vya miligramu 500 kwa pamoja. Mtoto hupewa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 20 basi atapata miligramu 1000, vidonge viwili. Lakini mama huyu ametumia penisilini kwa njia mbili. Katika shauri la mwaka 2021 waganga wa Amerika husema mtu wa namna hii apewe dawa ya ukoo mwingine: azitromisini miligramu 500, au doksisiklini miligramu 100. Hizo ndizo pia za mtu ambaye penisilini humletea vipele na kuvimba. Mganga anachagua azitromisini.

Sasa warfarini. Jirani amemwambia aiache siku tatu asije akavuja damu nyingi. Jirani anamtakia mema, lakini shauri hilo laweza kumwua. Damu ikiganda juu ya mlango wa madini, mlango hukwama, au bonge la damu hukimbilia ubongoni. Damu ya kinywa yaweza kuzuiwa kwa kitambaa na uzi. Basi mganga hamwachishi dawa, bali anapima damu siku iliyotangulia. Kipimo huitwa INR, nacho kinasoma 3,1. Kama kingefika 4 au zaidi wangengoja na kumrudisha kwa mganga wa moyo. Kwa 3,1 kazi yaweza kufanyika.

Kesho yake saa mbili na robo asubuhi mama anameza vidonge vyake mbele ya mwuguzi, asije akasahau njiani. Anaketi katika baraza akiangaliwa kama atajikuna au kukosa pumzi. Saa tatu jino linang'olewa. Mganga anashona jeraha, anaweka kitambaa, na mama anakiuma nusu saa. Kwa kuwa meno yake mengine mawili yalikuwa na uchafu mgumu chini ya ufizi, mganga anayakwangua wakati ule ule. Dawa moja imefanya kazi mbili, na hatahitaji kuimeza tena juma lijalo. Kwa maumivu anapewa parasetamoli. Hapewi diklofenaki wala aspirini, maana zitamwongezea kuvuja damu.

Na kama wangesahau kumpa dawa mpaka jino limetoka? Angepewa mara moja, maana yaweza kusaidia bado ikiwa saa mbili hazijapita.

Mtu mwingine mwenye jino bovu, ambaye anangojea kupasuliwa moyo, asingoje mpaka arudi. Meno yatengenezwe kabla ya mlango kuwekwa.

Homa isiyokwisha

Dawa hii haizuii kila endokaditi, kwa sababu ya lile dirisha la nyuma. Kwa hiyo aliye katika orodha ajue jinsi ugonjwa huo unavyokuja. Haubishi hodi kwa nguvu. Baada ya majuma machache, pengine hata miezi mitatu, mtu huanza kuwa na homa inayokwenda na kurudi. Usiku shuka linalowa jasho. Nguo humlegea kwa kukonda. Hachoki kama mgonjwa wa kitandani, ila hawezi kupanda kilima alichokuwa akikipanda. Wengine huona vidoa vyekundu vidogo katika viganja au chini ya kucha.

Kwetu mtu mwenye homa hupewa dawa ya malaria. Ikirudi, huambiwa ni tifoidi, naye hupewa dawa ya vijidudu siku tano. Homa hushuka kidogo. Baada ya juma moja imerudi. Huanza tena na dawa nyingine, na hivyo miezi miwili hupita huku mlango wa moyo ukiliwa. Lililo baya zaidi, vidonge vile vichache havikuua vijidudu vya moyoni, lakini vimevificha. Damu ikichukuliwa sasa ili kuoteshwa katika chupa, hakuna kinachoota, wala mganga hajui ni kijidudu gani anapigana nacho.

Kwa hiyo ukiwa na mlango wa kutengenezwa, au uliwahi kuugua endokaditi, nawe ukapata homa, kubali kupimwa malaria, na ikionekana utibiwe. Lakini kipimo kikiwa safi, au homa ikirudi baada ya kutibiwa, usimeze kidonge cha amoksisilini, wala sipro, wala chochote cha kuua vijidudu, kabla damu yako haijachukuliwa. Huchukuliwa mara tatu, kila mara kwa kuchoma mahali papya, na kila mara hujaza chupa. Kituo kidogo cha afya huenda hakina chupa hizo. Basi nenda hospitali kubwa siku ile ile, na ukifika mwambie mwuguzi maneno haya: "Nina mlango wa moyo wa kutengenezwa, nina homa, sijameza dawa yoyote ya vijidudu. Nimekuja mchukue damu kwanza."